Butembo na Beni: Karatasi ya kulipa deni la nyumba kidogokidogo inamlinda nani?

Katika mitaa ya Butembo na Beni, mpangaji mwenye deni la miezi mitatu au minne hakuti mara zote barua ya preavi mlangoni. Siku hizi mwenye nyumba anaweza kumwita, akamketisha, na kumwekea karatasi mezani: andika kwamba unakubali deni, andika utalipa kiasi gani kila mwezi, weka sahihi, nami sitaanza utaratibu wa kukutoa. Wengi wanaweka sahihi papo hapo, tena wakishukuru. Ni pendekezo la busara, na mara nyingi linatolewa kwa nia njema. Lakini ukisoma karatasi za aina hii utaona jambo moja: ahadi zote zilizoandikwa ni za mpangaji. Ile ahadi ya mwenye nyumba, ya kutomfukuza, imebaki mdomoni.

Ni tofauti kubwa, na ndiyo itakayoamua karatasi hiyo itatumika kwa nini baadaye.

Tuanze na sababu za mwenye nyumba kuileta. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu mikataba ya nyumba zisizo za biashara, imemfungia njia ya mkato. Nyumba ya kuishi inatakiwa preavi ya miezi mitatu. Ugomvi kati yake na mpangaji unapitia kwanza kwenye upatanisho, katika ofisi ya serikali inayoshughulikia makazi, ile ambayo watu wa mjini wanaiita Habita. Upatanisho ukishindikana ndipo mambo yanakwenda tribunali ya amani. Hukumu ikitoka, anayeitekeleza ni huisie. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kuitekeleza mwenyewe, wala ndugu zake, wala vijana wa kukodishwa.

Kila hatua inakula muda na pesa. Na miezi hiyo yote mpangaji aliyekwisha kuelewa kwamba anatoka, mara nyingi halipi tena. Anasema wazi: acha nikule garanti. Tatizo ni kwamba garanti yenyewe, ambayo sheria hiyohiyo inaiwekea mpaka wa miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, mara nyingi haipo tena mkononi mwa mwenye nyumba. Ilikwisha kununua mabati na saruji ya chumba kinachofuata.

Kuna jambo la kisheria ambalo wenye nyumba wachache wanalijua na linapaswa kuwatuliza wapangaji kidogo. Kitabu cha tatu cha kanuni ya kiraia ya Kongo, kilichotoka kwenye dekre ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 82 kwamba kuvunja mkataba kwa sababu upande mmoja haukutimiza wajibu wake kunaombwa mbele ya hakimu, na hakimu anaweza kumpa mdaiwa muda kulingana na hali ilivyo. Maana yake, mwenye nyumba anayekwenda tribunali anaweza kutumia pesa na miezi, kisha hakimu akampa mpangaji muda uleule ambao wangekubaliana barazani bila gharama. Anayeleta karatasi ya malipo kidogokidogo hatoi sadaka. Anatoa kitu ambacho huenda angelazimishwa kukitoa.

Sasa tuchukue mfano, kwa hesabu ndogo inayoeleweka. Nyumba ya dola 50 kwa mwezi. Mama anauza mitumba sokoni Butembo, mume ni dereva wa pikipiki. Wamekosa kulipa miezi minne, deni ni dola 200. Garanti waliyoweka ni ya miezi mitatu, dola 150. Barabara ya kusini imekatika tangu vita vilipopanda Lubero, Kanyabayonga ilipoanguka mwisho wa Juni 2024, na wateja waliokuwa wakitoka huko hawaji tena. Ndugu watano waliokimbia wanalala sebuleni. Hii si hadithi ya familia fulani, lakini msomaji wa Butembo ataitambua.

Mwenye nyumba anapendekeza: lipa deni lote kwa miezi minne. Yaani dola 50 za mwezi unaokwenda, na dola 50 za deni. Jumla 100. Kwenye karatasi inapendeza, na mtu mwenye aibu ya kudaiwa atasema ndiyo. Lakini familia hii, ikishaondoa chakula, maji, ada ya shule na mafuta ya pikipiki, inabaki na dola 65 kwa mwezi, hakuna mwezi inapofikia 100. Mwezi wa kwanza watakopa kwa jirani, mwezi wa pili watachukua mtaji wa mitumba, mwezi wa tatu watashindwa. Na hapo watakuwa na deni kwa mwenye nyumba, deni kwa jirani, na meza ya sokoni bila bidhaa.

Mpango uliopangwa hivi umekufa siku ile ulipotiwa sahihi. Dalili yake inaonekana mapema: malipo ya kwanza yanakuja kamili na kwa wakati, ya pili yanakuja nusu na kwa kuchelewa. Mwenye nyumba aliye makini akiona hivyo ataita mazungumzo mwezi huohuo wa pili. Asiyekuwa makini atangoja mwezi wa nne, halafu atasema amedanganywa.

Hesabu ya kweli inaanzia kwenye zile dola 65. Ukitoa 50 za mwezi unaokwenda, zinabaki 15. Mtu mwangalifu hataandika 15 zote, ataandika 12, kwa sababu kuna malaria na kuna siku za mji kufungwa ambapo hakuna anayeuza wala kubeba abiria. Kwa dola 12 peke yake, deni la 200 lingemaliza miezi 17, na hakuna mwenye nyumba atakayekubali. Lakini mama yumo katika likelemba, na zamu yake ya kupokea inaangukia mwezi wa tano, dola 80. Basi mpango unaandikwa hivi: miezi minne ya kwanza, dola 12 kila mwezi, zinakuwa 48. Mwezi wa tano, zile 80 za likelemba, tunafika 128. Miezi sita inayofuata, dola 12 tena, zinakuwa 72. Jumla 200 kamili, kwa miezi 11.

Miezi 11 ni mirefu kwa anayedai. Aiweke basi kando ya njia ya pili. Tuseme preavi, upatanisho na tribunali vimechukua miezi sita tu, na hiyo ni kuhesabu kwa matumaini. Familia haikulipa kitu muda huo. Deni linakuwa 200 na 300 juu yake, jumla 500. Akikata garanti ya 150, anabaki anadai 350 kwa watu waliokwisha kuhama, wasio na mali ya kukamata zaidi ya magodoro na sufuria. Pikipiki mara nyingi si ya dereva, ni ya tajiri wake. Kwa upande mwingine, mpango wa miezi 11 ukishikwa unampa dola 550 za kodi ya kila mwezi na 200 za deni, yaani 750, na garanti bado ipo kwenye hesabu.

Najua atakachojibu mwenye nyumba wa Beni. Atasema kwake hali si hiyo: tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, uongozi wa jimbo umehamia Beni, na akimtoa mpangaji leo kuna mtu wa ofisi anayengoja nyumba. Hoja hiyo ina uzito. Inamfanya asiwe na subira, na inaeleza kwa nini baadhi ya karatasi za Beni zinaandikwa kwa makusudi zivunjike. Lakini mteja mpya haondoi ile miezi ya tribunali. Nyumba haikodishwi kwa mtu wa pili huku wa kwanza bado yumo ndani kihalali.

Turudi kwenye karatasi yenyewe, maana hapo ndipo watu wanaumia.

Sahihi ya kwanza kabisa ni ya kukubali deni. Kifungu cha 33 cha kanuni ileile ya 1888 kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Mpangaji akishaandika kwamba anadaiwa dola 200, itakuwa vigumu baadaye kumwambia hakimu kwamba miezi minne ilikuwa mitatu, au kwamba alitengeneza choo kwa pesa yake na wakakubaliana ikatwe kwenye kodi. Mambo hayo yanatakiwa kuhesabiwa kabla ya sahihi. Orodha iandikwe mwezi kwa mwezi: Machi haukulipwa, Aprili ililipwa nusu, Mei haukulipwa. Namba moja tu ya jumla, bila kueleza imetoka wapi, ni mwanzo wa ugomvi.

Baada ya hapo linakuja swali ambalo karatasi nyingi zinalipita kimya: pesa inayoletwa inalipa nini? Mama analeta dola 62 mwezi wa Julai. Yeye moyoni anasema 50 ni za Julai na 12 ni za deni. Mwenye nyumba anaandika kwenye daftari lake kwamba 62 zote zimeingia kwenye deni la Machi na Aprili. Mwezi wa Agosti anamwambia, Julai hujalipa, umevunja mpango. Wote wawili wanaamini wanasema kweli. Kisheria mwenye madeni kadhaa ana haki ya kusema, siku anapolipa, analipa deni lipi. Asiposema, na madeni yakiwa ya namna moja, kawaida lile la zamani ndilo linalotangulia. Kwa hiyo mama asiyesema kitu anaweza kujikuta kila mwezi mpya umekuwa deni jipya. Dawa yake ni sentensi moja katika mpango: kila malipo yanaanza na mwezi unaokwenda, kinachozidi kinapunguza deni la zamani. Na risiti iandike hivyohivyo, kwa mistari miwili.

Pesa gani? Hili si swali dogo kwetu. Kodi inatajwa kwa dola, sokoni watu wanauza kwa faranga. Mwaka 2025 dola ilikuwa ikibadilishwa kwa karibu faranga 2,800, kisha katika miezi michache ikashuka chini ya 2,500. Kama deni la dola 200 liliandikwa kuwa faranga 560,000 wakati wa 2,800, halafu dola ikafika 2,300, mpangaji anajikuta analipa kitu chenye thamani ya zaidi ya dola 243. Dola ingepanda, angeumia mwenye nyumba. Andikeni sarafu moja, na kama malipo yatapokelewa kwa nyingine, andikeni kwamba bei ya kubadilisha ni ya siku ya kulipa, sokoni, si ile ya siku ya sahihi.

Sasa ile ahadi iliyobaki mdomoni. Inatakiwa iandikwe kwa maneno mepesi: muda wote mpango unaposhikwa, mwenye nyumba hatatoa preavi kwa sababu ya deni hili, wala hatapeleka shauri mbele. Kisha ielezwe mpango unavunjika lini. Kuchelewa siku tatu si kuvunja. Katika miji yetu, ambako wiki moja inaweza kukatwa na siku mbili za mji kufungwa au mashambulizi kwenye barabara ya Kasindi, ni haki kuweka siku kumi za nyongeza, na kusema mpango unavunjika pale tu malipo mawili ya kufuatana yamekosekana na mwenye nyumba amemjulisha mpangaji kwa maandishi. Mwenye nyumba hapotezi kitu kwa kuandika hivyo. Akifika kwa hakimu na karatasi inayoonyesha alivumilia, na barua inayoonyesha alionya, shauri lake lina nguvu kuliko la aliyekuja na hasira tu.

Na kuna maneno ambayo mpangaji asiyatie sahihi. Yanaonekana hivi: nisipolipa, nitatoka mwenyewe mara moja bila tribunali, na mwenye nyumba ataweza kutoa vitu vyangu nje. Wengine wanafikiri wakishakuwa nayo wamepata ruhusa ya kung'oa mlango au kufunua mabati, jambo ambalo watu wa miji hii wameliona mara nyingi. Hawajapata. Karatasi ya watu wawili haichukui nafasi ya hukumu, na anayejifanyia haki kwa mikono yake anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Hata hivyo maneno hayo yanafanya kazi kwa njia nyingine: yanamtia mpangaji hofu, anahama usiku, na garanti yake inabaki nyuma bila mtu wa kuidai.

Hofu nyingine ni ya polisi. Mdaiwa anaitwa kwa OPJ, anaambiwa amevunja uaminifu, analala ndani mpaka familia ilete pesa. Deni la kodi ni jambo la kiraia. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza Mei 2021 katika Kivu Kaskazini na Ituri ilihamisha mashauri ya jinai kwenye mahakama za kijeshi. Haikugeuza kodi ya nyumba kuwa jinai.

Mashahidi ni nani? Desturi ni kumwita nyumbakumi au shefu wa avenyu. Ni vizuri, kwa sababu anawajua wote wawili na atakumbuka. Lakini yeye hana mamlaka ya hakimu, na pale ambapo ni rafiki au mpangaji wa mwenye nyumba huyohuyo, mpangaji alete na mtu wake. Kinachofaa zaidi, kwa deni kubwa, ni kupeleka mapatano Habita yaandikwe kama hati ya upatanisho. Baadhi ya wenye nyumba hawapendi njia hiyo, na sababu inajulikana ingawa haisemwi: hati yenye kiasi cha kodi inaweza kumfikia mtoza ushuru wa jimbo, na mapato ya nyumba yana kodi yake. Mpangaji akiona mwenye nyumba anakataa Habita lakini anataka karatasi ya siri yenye sahihi yake, hapo aulize maswali zaidi.

Aangalie pia anayeweka sahihi upande wa pili. Nyumba nyingi za Butembo ni za wafanyabiashara wanaoishi kati ya hapa, Kampala na Dubai, au ni za urithi wenye ndugu sita. Komisionera aliyepokea garanti si lazima awe na uwezo wa kuahidi kwamba hutafukuzwa. Ndugu mmoja akisaini na mwingine akaja mwezi ujao na preavi yake, mpango unakuwa karatasi tu. Inatosha kuomba barua fupi ya mwenye mali au ya warithi inayompa huyo mtu mamlaka, na kuibana pamoja na mpango.

Baki na familia ambayo, baada ya chakula na shule, haibaki na dola 65 bali 30. Kwao mpango wowote wa malipo ni uongo, hata ukiandikwa vizuri namna gani, kwa kuwa kodi ya mwezi yenyewe hawaifikii. Hapo karatasi inayofaa ni nyingine: mapatano ya kuondoka. Wanakubaliana tarehe, tuseme siku 60. Garanti ya dola 150 inakatwa kwenye deni la 200, inabaki 50. Miezi miwili ya mwisho wanalipa wanachoweza, 30 kila mwezi badala ya 50, na mwenye nyumba anaandika kwamba wakitoka tarehe hiyo na nyumba ikiwa nzima, hadai kinachobaki. Kinachobaki hapo ni 50 za deni la zamani na 40 za miezi hiyo miwili, jumla dola 90. Amepoteza 90, na amepata nyumba yake ndani ya miezi miwili badala ya sita. Ufunguo unarudishwa mbele ya nyumbakumi, chumba kwa chumba kikiangaliwa, na risiti ya mwisho inaandikwa siku hiyohiyo kabla ya gari la mizigo kuondoka.